Jino kwa jino au kinyongo cha kudumu?

Wachezaji wawili wanakutana raundi baada ya raundi. Wakishirikiana, kila mmoja anapata pointi 3, wakisalitiana, 1. Anayesaliti peke yake anapata 5, mwenzake 0.

Jino kwa jino, mkakati ambao mwanahisabati Anatol Rapoport aliupeleka kwenye mashindano ya programu za kompyuta yaliyoandaliwa na mwanasayansi wa siasa Robert Axelrod na ukashinda, huanza kwa kushirikiana, kisha huiga alichofanya mwenzake raundi iliyopita. Kinyongo nacho huanza vizuri, lakini kikisalitiwa mara moja tu, basi, hakishirikiani tena.

Kwa vitisho, kinyongo ni kikali zaidi. Kinatosha kumzuia msaliti hata kama uwezekano wa kukutana tena ni nusu. Jino kwa jino linahitaji angalau theluthi mbili, kwa sababu lina mwanya: msaliti anachukua 5, raundi inayofuata anashirikiana na kumeza 0, halafu anasaliti tena. Uwezekano ukiwa mdogo, 5 ya leo inashinda 3 za kesho.

Ila makosa hutokea. Mtu amekusudia kushirikiana, akabonyeza kitufe cha kusaliti. Vinyongo viwili hapo huporomoka hadi pointi 1 kila kimoja, na kubaki hapo. Wachezaji wawili wa jino kwa jino hulipizana kwa zamu, 5 na 0, wastani 2.5, mpaka kosa jingine livunje mzunguko. Afadhali hao, maana dawa yao ni nyepesi: kusamehe usaliti kwa bahati nasibu, takriban mara moja kati ya tatu. Ukisamehe kila mara, msaliti atakula 5 zake bila hofu.