Sabneti haijui jina uliloipa: uzoefu wangu na mtandao binafsi wa wingu

Nina miezi kadhaa nikitumia mtandao binafsi wa wingu, yaani mtandao wangu uliotengwa ndani ya seva za kukodi, na nimeridhika nao. Ila kuna jambo moja ambalo ukurasa wa kuuundia haukuambii, na lilinimalizia jioni nzima.

Nilianza na kundi la anwani la 10.0.0.0/16, nikalikata vipande viwili, yaani sabneti mbili: 10.0.1.0/24 kwa seva ya wavuti, nikaiita `public`, na 10.0.2.0/24 kwa hifadhidata, nikaiita `private`. Kila moja ina anwani 256, ila huduma ninayotumia hujichukulia 5. Nilidhani yale majina ndiyo yanayoamua mambo, kumbe ni kibandiko tu. Kinachoifanya sabneti iwe ya wazi ni jedwali la njia lililounganishwa nayo: likiwa na mstari wa kupeleka 0.0.0.0/0, yaani anwani nyingine zote, kwenye lango la intaneti, seva yenye anwani ya nje inaweza kufikika. Futa mstari huo, na sabneti imejifungia ndani, hata kama bado inaitwa `public`.

Hifadhidata ilihitaji kushusha masasisho, kwa hiyo nikaunda lango la NAT, linaloziachia seva za ndani zitoke bila wa nje kuweza kuanzisha mawasiliano nazo. Nikaliweka ndani ya `private`, liwe karibu na seva linayoihudumia. Jedwali la sabneti hiyo likawa hivi:

```
10.0.0.0/16   local
0.0.0.0/0     nat-gateway
```

Kutoka seva ya wavuti niliingia kwenye hifadhidata bila shida, maana hapo njia ya `local` inatosha. Hata majina ya tovuti yaligeuka kuwa anwani. Lakini `curl`, amri ya kuvuta ukurasa wa wavuti, ilinyamaza mpaka muda ukaisha. Huko kunyamaza ndiko kulikonifungua macho. Seva ya mbali ingekuwa imenikataa, kwa kawaida ningejibiwa papo hapo; hapa pakiti zilikuwa zinapotelea njiani.

Lango la NAT nalo hufuata jedwali la sabneti lilimokaa. Jedwali langu lilisema safari zote za nje zipelekwe kwa NAT, basi NAT ilipotaka kutoka ilirudishwa kwake yenyewe.

Lango hilo halihamishiki. Nililifuta, nikaunda jingine ndani ya `public` na kulipa anwani ya nje isiyobadilika. Kwenye jedwali la `private` mstari wa zamani ulikuwa umeandikwa `blackhole`, yaani njia isiyofika popote. Nikauelekeza kwenye lango jipya, na `curl` ikajibu mara moja.

Lalamiko langu ni gharama. NAT hutozwa kwa saa, na tena kwa kiasi cha data inayopita. Nakala zangu za kila usiku zilikuwa zinapitia humo kwenda hifadhi ya mafaili ya mtoa huduma yuleyule. Nimeziwekea njia ya moja kwa moja kwenye jedwali la `private`, ambayo hapa haitozwi, na sasa NAT inabeba masasisho tu.