Ujirani wa nne na wa nane: uzoefu wangu wa kuhesabu maharage kwa SciPy na OpenCV

Shemeji yangu anauza mbegu za maharage, na wanunuzi wake huuliza mbegu 1000 zina uzito gani. Kuhesabu kwa mkono kunaumiza macho, basi kazi hiyo nikaihamishia kwenye skana. Namwaga kiganja cha maharage juu ya kioo, nafunika kwa kitambaa cheusi, nachukua picha kwa nukta 300 kwa inchi, kisha naigeuza iwe ya 0 na 1 tu: harage ni 1, kitambaa ni 0. Hapo kinachobaki ni kuiambia kompyuta kwamba pikseli zote za 1 zilizoshikana ni kitu kimoja na zipewe namba moja, halafu zinazofuata namba nyingine.

Mgogoro wote umelala kwenye hilo neno "zilizoshikana". Pikseli ina pande nne na pembe nne. Ukisema jirani ni yule tu mnayepakana ubavuni, huo ni ujirani wa nne. Ukimkubali na yule mnayegusana kwa ncha ya pembe, kimshazari, huo ni ujirani wa nane. Nilidhani ni jambo dogo la kuchagua baadaye. Kumbe maktaba nilizokuwa nikizitumia zilikuwa zimeshanichagulia, na hazikuchagua sawa.

Nilianza kwa kuzipima kwa kigridi kidogo ambacho hata mtoto anaweza kukihesabu:

```python
import numpy as np, cv2
from scipy import ndimage as ndi

a = np.array([[1,1,0,0,0],
              [1,1,0,0,0],
              [0,0,1,1,0],
              [0,0,1,1,0],
              [1,0,0,0,0]], np.uint8)

print(ndi.label(a)[1])                # 3
print(cv2.connectedComponents(a)[0])  # 3
```

Zote mbili zikatoa 3. Nikafurahi, nikafunga kompyuta, nikaenda kula. Furaha ya bure! SciPy, usipoielekeza, hutumia ujirani wa nne, kwa hiyo iliona miraba miwili na kile kipikseli cha chini kushoto: vitu vitatu. OpenCV, usipoielekeza, hutumia ujirani wa nane. Yenyewe iliiona miraba miwili kuwa kitu kimoja kwa sababu inagusana kwa ncha ya pembe, ikaongeza kile kipikseli, vikawa viwili, halafu ikahesabu na kitambaa cheusi, maana mandharinyuma nayo ina namba yake, yaani 0. Mbili na moja, tatu. Ukiiambia OpenCV itumie `connectivity=4` itakupa 4, na ukiipa SciPy `structure=np.ones((3,3))` itakupa 2. Hiyo ya kuhesabu mandharinyuma imeandikwa kwenye maelezo ya OpenCV, lakini nani husoma maelezo akiwa na njaa?

Picha ya kwanza ya kweli ilikuwa na maharage 200, nimeyahesabu mwenyewe mara mbili. OpenCV ikasema 204, SciPy ikasema 219. Toa mandharinyuma kwenye ile ya kwanza, zinabaki 203. Nikachapisha eneo la kila kipande. Harage zima lilikuwa na pikseli elfu tisa hivi, ila kwenye orodha ya SciPy kulikuwa na vipande 21 vya pikseli chache mno. Vitano kati ya hivyo vilikuwa chenga za vumbi, na OpenCV nayo iliviona. Vile 16 vingine vilikuwa vichembe vya ukingo wa harage, vimening'inia kwa pembe moja tu: ujirani wa nane uliviacha viwe sehemu ya harage, ule wa nne ukavikata vikawa "maharage" mapya.

Nikatupa kila kisichofika pikseli 200, na maktaba zote mbili zikatua kwenye 198. Mawili yaliyopotea yalikuwa jozi mbili za maharage yaliyolaliana ubavu kwa ubavu. Hapa nataka niseme wazi, kwa sababu nilishauriwa vibaya: kuhamia ujirani wa nne hakutenganishi maharage yaliyogusana. Unatenganisha tu yaliyogusana kwa ncha ya pikseli moja, na maharage ya kweli hugusana kwa ukingo wenye pikseli nyingi. Kwa vitu vinene kama hivi, baada ya kuchuja kwa eneo, nne au nane ni mamoja.

Kilichonifundisha adabu ni mizizi. Shemeji alitaka pia kujua mbegu ngapi zimeota, nami nikaamua kupima urefu wa kimzizi kwenye picha. Niliikondesha mizizi kwa `skeletonize` ya scikit-image hadi ikawa mistari ya upana wa pikseli moja, nikaipeleka SciPy kama kawaida, nikachuja vipande vya chini ya pikseli 10. Mizizi iliyosimama wima ilibaki. Iliyoinama ilitoweka kabisa, kana kwamba mbegu hazikuota.

Chukua mzizi wa pikseli 30 ulioinama nyuzi 45 sawasawa. Kila pikseli yake inagusana na inayofuata kwa pembe tu. Kwa ujirani wa nane ni kipande kimoja chenye pikseli 30. Kwa ujirani wa nne ni vipande 30 vyenye pikseli moja moja, na kichujio changu kikavifagia vyote. Kosa la namna hii halipigi kelele, maana idadi ya mwisho inaonekana ya kawaida. Nililigundua nilipopaka kila namba rangi yake: mizizi iliyoinama ilikuwa imepakwa kama shanga, kila pikseli na rangi yake. Tangu siku hiyo sichuji chochote kabla ya kutazama picha ya rangi.

Nikasema basi, nane kila mahali. Nikaingia kwenye shimo lingine, safari hii shimo kweli. Maharage ya shemeji yana madoadoa meusi, na doa likigeuka 0 harage linatoboka. Ili kuziba matundu niliyapa namba maeneo ya 0: lile kubwa ni kitambaa, yaliyobaki ni matundu. Lakini tazama kizingo hiki:

```
0 0 0 0 0
0 0 1 0 0
0 1 0 1 0
0 0 1 0 0
0 0 0 0 0
```

Kwa ujirani wa nane, zile 1 nne ni pete moja iliyofungwa. Ukitumia nane kwa 0 pia, ile ya katikati inapenya kimshazari hadi nje: pete imefungwa, na bado inavuja. Ukitumia nne kwa zote mbili, pete inavunjika vipande vinne, ila katikati bado imezingirwa. Yote mawili ni upuuzi. Dawa ni kuzipa aina tofauti: nane kwa 1, nne kwa 0, au kinyume chake. Ndiyo maana `binary_fill_holes` ya SciPy, usipoigusa, huzunguka mandharinyuma kwa ujirani wa nne. Mimi nilikuwa nimeipa `np.ones((3,3))` ili "ifanane" na kazi nyingine, na madoa ya karibu na ukingo yakawa hayazibiki.

Sasa hivi natumia OpenCV, kwa sababu `connectedComponentsWithStats` inanipa eneo la kila kipande papo hapo, na `connectivity` naiandika waziwazi hata pale ninapotaka 8 ambayo ingekuja yenyewe. Maharage yaliyolaliana bado nayatenganisha kwa kidole kabla ya kutandika kitambaa.