Miksa mbili za shawa, na milimita 11 zilizonigharimu wiki tatu

Nimejenga Arusha, nyumba yenye mabafu mawili. Bafu la wageni nimeweka miksa ya kawaida, ile ya mkono mmoja unaouinua na kuuzungusha. Bafu la watoto na mama yangu nimeweka ya themostati, inayoshikilia yenyewe joto la maji unalochagua. Zote mbili ni za kufichwa ukutani, yaani bodi ya shaba inazikwa ndani ya tofali na nje unaona bamba na mkono tu. Sasa ni mwaka wa pili nikizitumia, na nina ya kusema kwa anayejenga, hasa kama fundi vigae bado hajaanza.

Nianze na ile iliyoniumiza, ya wageni. Bodi ya miksa ya kufichwa huja imevikwa kava la plastiki, na juu ya kava kuna mistari miwili iliyoandikwa MIN na MAX. Uso wa ukuta uliokwisha kabisa lazima uangukie kati ya mistari hiyo. Ya kwangu ilitaka milimita 55 hadi 80, kuanzia mgongo wa bodi hadi uso wa kigae. Fundi bomba alichimba kwa tindo, akaikaza, akapima, akaniambia, "Mama, hapa iko 75, tuko ndani ya mstari." Na kweli ilikuwa 75. Ila alikuwa amepima hadi uso wa lipu.

Juu ya lipu kulikuja kizuia maji, milimita 2. Ikaja gundi ya vigae, 5. Kikaja kigae chenyewe, 9. Jumla 16, na 75 ikawa 91. Tukavuka MAX kwa milimita 11, upana wa kidole changu cha mwisho.

Hukuweza kuona kosa lolote hadi siku ya kufunga mkono. Grauti imekauka, bafu linang'aa, fundi anachukua bamba analibana ukutani, skrubu hazifiki kwenye matundu yake. Akaweka mkono wa miksa, ukashika ncha tu ya katriji, kile kiini cha ndani kinachofungua na kuchanganya maji. Ukiuinua unagonga bamba kabla haujafika juu, kwa hiyo maji yanatoka nusu. Kaka yangu alishauri tuvunje vigae vinne. Muuzaji akaniokoa: kwa modeli ile kuna kirefusho cha milimita 25, lakini hakikuwepo dukani, kikaagizwa, nikasubiri wiki tatu nikiwa na tundu ukutani.

Hapo nilikuwa na bahati, kwa sababu bodi ilizama. Ikizama kuna kirefusho, tena si kwa kila modeli, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Ikitokeza hakuna kifupisho. Bamba litasimama mbali na kigae, maji yatapenya nyuma yake, na dawa ni kuvunja.

Kwa bafu la pili nilisimamia mwenyewe. Bodi ya themostati ni nene zaidi, hii ilitaka milimita 70 hadi 95. Safari hii tulianza hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Nilimwita fundi vigae siku ileile ya fundi bomba, wakasimama pamoja mbele ya tofali tupu, na nikaleta kigae chenyewe nilichonunua. Lipu 15, kizuia maji 2, gundi 5, kigae 9: jumla 31. Nikachagua uso wa kigae uwe kwenye 80, ili nibaki na nafasi pande zote mbili kama lipu itanenepa au kukonda. Toa 31, inabaki 49. Basi mgongo wa bodi ukae milimita 49 ndani ya tofali. Tofali langu ni la inchi 6, yaani 150, kwa hiyo hatukula hata theluthi moja ya ukuta. Kwenye ukuta mwembamba zaidi ningeinenepesha sehemu ile kwa mbele, au ningenunua miksa ya kufungwa nje na kuachana na kuzika.

Kabla ya kuifunika tulifanya mambo mawili. Tuliweka pima maji juu ya bodi na pia mbele yake, kwa sababu bodi ikiinama kidogo tu, bamba linakaa upande na jicho halikosi kuliona. Kisha tukaziba matundu ya kutokea maji, tukafungulia maji, tukayaacha na presha usiku kucha. Kiungo cha juu kilikuwa kinatoa jasho. Tulikikaza asubuhi kwa dakika tano. Chini ya kigae ingekuwa hadithi nyingine. Na hakikisha maji ya moto yameingia kushoto, ya baridi kulia. Miksa ya kawaida ukikosea utazoea kuigeuzia upande wa pili, lakini themostati haitafanya kazi sawasawa.

Sasa matumizi. Ndani ya katriji ya themostati kuna kidonge cha nta kinachovimba maji yakipata joto na kusinyaa yakipoa, na hicho ndicho kinachosogeza mlango wa moto na wa baridi. Unaweka 38, basi. Jua likiwaka kutwa, maji ya sola yangu hupita nyuzi 70, na maji ya namna hiyo humbabua mtoto kwa sekunde chache. Kule kwa wageni, mtu akifungua koki ya jikoni wakati unaoga, unaruka. Kwa watoto husikii kitu. Niliijaribu: nikafunga maji ya baridi kabisa shawa ikiwa wazi, na maji yakakatika karibu papo hapo badala ya kutoka ya moto matupu. Kwa jambo hilo peke yake sijutii pesa niliyoongeza.

Lakini inataka presha, na hili wauzaji hawalisemi. Kila mita ya kimo cha tangi huleta presha ya kama ba 0.1. Tangi langu liko mita 4 juu ya kichwa cha shawa, hivyo ba 0.4, na themostati hii inataka angalau ba 1. Ile ya kawaida ilitoa maji ya kuridhisha kwa mteremko tu. Nililazimika kununua pampu, tena nikaiweka kabla njia hazijagawanyika ili moto na baridi vipate presha sawa. Niliweza kwa sababu tangi la heta yangu limeundwa kustahimili presha. Kama lako ni la wazi, usiliunganishe na pampu, litapasuka.

Pia asubuhi za Julai, mawingu yakiwa yamefunika jua siku mbili, maji ya sola hufika nyuzi 42 hivi. Themostati inahitaji moto uwe juu ya joto unalotaka kwa takriban nyuzi 10, la sivyo maji yanapungua na kuyumba. Siku hizo mama yangu huenda kuogea bafu la wageni.

Baada ya miezi minane maji ya moto yalianza kufifia. Nilifunga maji, nikatoa bamba, nikakuta vichujio viwili vidogo vimejaa mchanga. Nilivisuuza kwa mswaki na siki, ikarudi kama mpya, bila kugusa kigae hata kimoja. Picha za ukuta ule ulio wazi, futi ikiwa imelazwa kwenye bodi, bado ninazo kwenye simu. Fundi aliyekuja kutoboa ukuta wa kutundikia taulo alizitazama kwanza ndipo akawasha drili.