Modeli ya plastiki ya kiwambo: nzuri kufundishia, ila kagua tundu la aota

Nafundisha anatomia katika chuo cha afya, na modeli hii ndiyo ninayoingia nayo darasani. Kiwambo, yaani ukuta wa nyama unaotenganisha kifua na tumbo, kinachomoka kutoka kwenye uti wa mgongo wenye pingili zilizoandikwa namba, hivyo mwanafunzi anajionea kwamba matundu matatu makubwa hayako usawa mmoja. La vena kava ya chini, mshipa unaorudisha damu moyoni, liko usawa wa T8, yaani pingili ya nane ya kifua; la umio T10; la aota, ateri kuu ya mwili, T12. Ukiigeuza ubavu, sababu inaonekana: kiwambo kimeinuka katikati kisha kinateremka kwa nyuma hadi kiunoni, kwa hiyo tundu lililo nyuma zaidi ndilo lililo chini zaidi.

Nilichokipenda hasa ni rangi. Kano ya kati ni nyeupe, nyama ni nyekundu. Tundu la vena kava limo ndani ya weupe, kulia kidogo, pamoja na matawi ya neva ya freniki ya kulia. Ukivuta pumzi, nyama hujikaza na kuivuta kano huku na huku, tundu linatanuka, damu inapanda moyoni kwa urahisi.

Tundu la umio limezungukwa na nyama ya mguu wa kulia wa kiwambo, mmoja wa mikia miwili inayokishikiza kwenye pingili, ingawa lenyewe liko kushoto kidogo (hapo wanafunzi hubisha mpaka washike wenyewe). Vigogo viwili vya neva ya vagasi vimewekwa vizuri, kimoja mbele ya umio na kingine nyuma. Nyama hii ikijikaza huubana umio na kusaidia kuzuia asidi isipande. Tundu likilegea, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo inaweza kupenya hadi kifuani, na mgonjwa akaja analalamika kiungulia kila akiinama au akilala.

Kasoro iko kwenye aota. Mtengenezaji ametoboa tundu katikati ya nyama, likazungukwa pande zote. Si kweli. Aota hupita nyuma ya kiwambo: mbele yake kuna upinde wa kano unaounganisha miguu miwili, nyuma yake kuna mfupa wa pingili. Ndiyo maana kiwambo hakiibani tunapovuta pumzi. Mwanafunzi mmoja alinijibu kwamba huwa inabanwa, na jibu hilo alilitoa kwenye modeli hii hii. Mrija mkuu wa limfu, unaopita pamoja na aota, haumo kabisa.

Nimeukata ukuta wa nyuma kwa kisu cha moto na kubandika uzi mweupe kando ya aota, upande wa kulia, kuwa mrija wa limfu. Sasa inasomeka. Wanafunzi nawaambia pia kwamba namba hizo ni za mwili uliotulia. Mtu akivuta pumzi ndefu, tundu la vena kava hushuka chini ya T8.

Ukienda kununua, pitisha kidole nyuma ya tundu la aota. Ukigusa plastiki nyekundu badala ya pingili, omba upunguziwe bei.