Nililipia basi la shule muhula mzima, likaja nusu nusu: uzoefu wangu

Nyota mbili kati ya tano, na moja ni ya anti wa basi, ambaye siku alizokuja alimshika mwanangu mkono mpaka getini kwetu.

Tunaishi Donholm, na shule ni ya binafsi, upande wa pili wa Outer Ring. Mwanangu yuko Gredi ya 4. Nauli ya basi ni shilingi 18,000 kwa muhula, kwenda na kurudi, na hupati nafasi kabla ya kulipa yote kwa Paybill. Nililipa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa.

Wiki ya tatu basi likaharibika. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mtoto ameshavaa sare na uji umeshanyweka, ujumbe ukaingia kwenye kundi la wazazi: "Wazazi wa ruti yetu, basi liko gereji, tafadhali saidieni leo." Hiyo leo iliendelea siku 22. Baadaye likarudi, lakini jioni 9 halikufika, na mtoto akabaki kwa askari wa geti mpaka nipate mtu wa kumchukua. Nilimtumia bodaboda mmoja wa steji yetu ninayemfahamu, 200 kila safari, nikimlipa kwa M-Pesa.

Kwa mhasibu nilienda mara mbili, na mara zote nikaambiwa "tutaangalia". Mara ya pili akanionyesha mstari kwenye fomu ya kujiunga: pesa zikishalipwa hazirudishwi. Nikarudi nyumbani nikaandika barua kwa mwalimu mkuu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ya hasira. Nilidai nirudishiwe nauli ya siku zilizokosekana, kisha nilipwe bodaboda yote juu yake. Dada yangu, ambaye ni karani kwa wakili, aliisoma akacheka. "Wewe unataka mtoto abebwe bure? Basi lingekuja, si ungelilipia?" Kweli. Nikaifuta nikaanza na hesabu.

Muhula ulikuwa na siku 60 za masomo, ukitoa mapumziko ya katikati na sikukuu. 18,000 kugawanya kwa 60 ni 300 kwa siku, yaani 150 kwa safari. Siku 22 nzima ni 6,600. Jioni 9 ni 1,350. Jumla 7,950: hizo ni pesa zangu zilizo mkononi mwao kwa huduma ambayo hawakutoa. Bodaboda ilinigharimu safari 53, shilingi 10,600. Kwa hiyo hasara ya ziada ni tofauti tu, 2,650. Nikaviandika kama madai mawili, kila moja na aya yake, ili wakikataa la pili wasipate kisingizio cha kukalia la kwanza.

Kuhusu ule mstari wa fomu, niliandika hivi (barua yenyewe ni ya Kiingereza, ndivyo shule zetu zilivyo): "Mzazi akimtoa mtoto katikati ya muhula, ninaelewa kwamba shule haimrudishii. Mimi sikumtoa. Mtoto alikuwa getini saa kumi na mbili kasorobo kila siku, na asiyefika ni basi." Nikataja Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mtumiaji haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na huduma mbovu. Nikawapa siku 14, nikaongeza sentensi moja kwamba baada ya hapo nitaenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Viambatisho ndivyo vilivyofanya kazi kubwa. Niliweka ujumbe wa malipo ya Paybill, jedwali la tarehe nililonakili kutoka daftari langu, na picha za jumbe za kundi, ambamo shule yenyewe inakiri kila asubuhi kwamba basi haliji. Zile jioni 9 zilikuwa na ujumbe mara 6 tu. Kwa 3 zilizobaki nilitegemea malipo ya bodaboda, yenye tarehe na saa. Nakala ya barua nikaigongesha muhuri wa mapokezi pale ofisini. Karani alisita kidogo, akasema barua atampelekea mwalimu mkuu mwenyewe. Nikamwambia sawa, lakini nagojea muhuri.

Siku ya kumi na moja nikaitwa. Hakukuwa na mabishano marefu. Waliuliza tu kuhusu zile jioni 3, wakaangalia M-Pesa, wakakubali. Pesa taslimu walisema hawatoi, ila watapunguza nauli ya muhula wa pili. Nilikubali kwa sharti kwamba yaandikwe kwenye taarifa ya karo ya mtoto, si kwa mdomo.

Muhula wa pili nimelipa 10,050. Ile 2,650 wameniambia iko kwa bodi, na basi, mpaka ninapoandika haya, limekosa asubuhi mbili. Zimo daftarini.