TAHADHARI: Muuza dagaa wa jumla anayechezea skrinishoti za WhatsApp (Mwanza)

Wafanyabiashara wenzangu wa dagaa, hasa mnaonunua kwa simu bila kufika soko la Mwaloni, someni hili kabla hamjatuma hela. Jina na namba ya mtu huyu siweki hapa, suala liko mikononi mwa wanaohusika. Ninachotaka mkijue ni ujanja wake, maana ndio ulionifanya nionekane mwongo mbele ya grupu la watu zaidi ya mia.

Niliagiza gunia nne za dagaa kwa 120,000 kila moja, jumla 480,000. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi (kwenye simu 10:12) nilimuuliza: "Ni wa chanja au wa mchanga?" Akajibu wa chanja, wakavu kabisa. Saa 10:20 akatuma picha ya dagaa wameanikwa vizuri. Juu ya picha palikuwa na mshale mdogo na neno Forwarded, nami nikapita tu. Saa 10:31 akaandika: "Ukikuta mchanga narudisha hela yote." Nikaubonyeza ujumbe ule ule, nikaunukuu, nikajibu saa 10:33: "Sawa, hapo nimeelewa." Akaniwekea kidole gumba. Nikatuma hela.

Mzigo ulifika kesho yake Igoma. Mchanga ulikuwa mwingi, ukimimina kwenye ungo unausikia. Nikalalamika saa kumi jioni. Hakujibu kwanza, akarudi nyuma akaufuta ujumbe wake wa 10:31 kwa wote. Kwenye simu yangu pakabaki This message was deleted. Halafu ndipo akajibu kwamba mzigo ukishatoka ghalani haurudi.

Hapo kuna jambo wengi hawalijui. Lile tangazo la kufutwa hukaa mahali ujumbe ulipokuwa, na saa yake ni ile ya kutumwa. Alifuta Ijumaa jioni, ila tangazo linasomeka 10:31 ya Alhamisi. Ukiliangalia haraka unadhani aliteleza akafuta papo hapo, kumbe alisubiri mzigo ufike. Nafasi ya kufuta kwa wote hudumu takriban siku mbili, kwa hiyo alikuwa na muda wa kutosha.

Mimi nikakosea hapo. Nilipolipeleka suala kwenye grupu, nilikata skrinishoti ili ionekane safi. Nikaliondoa lile tangazo la kufutwa kwa kuwa niliona halina maneno, la nini? Sehemu nyingine nikaiandika upya kwa mkono: yeye kasema hivi, mimi nikajibu hivi. Dakika kumi baadaye naye akaweka skrinishoti yake. Saa 10:31 pale inasomeka: "Mzigo ukitoka ghalani haurudishwi." Chini yake jibu langu la 10:33, "Sawa, hapo nimeelewa", bila nukuu. Kidole gumba nacho kimehamia chini ya maneno yake, kama vile mimi ndiye niliyekiweka. Watu wakaniambia, "Mama, ulikubali mwenyewe." Na kwa kuwa yangu ilikuwa imekatwakatwa, sikuwa na cha kusimamia.

Kijana wa jirani yangu, fundi simu pale Buzuruga, ndiye aliyeikuza ile picha akaniita: "Mama mdogo, njoo uone." Picha imetoka kwenye simu ya muuzaji, kwa hiyo ujumbe wake uko upande wa kulia, na kila alichotuma kina tiki mbili pembeni ya saa. Ujumbe wa 10:14 una tiki, wa 10:20 una tiki. Wa 10:31 hauna hata moja. Ujumbe uliofutwa haubaki na tiki, unabaki na saa tu. Alichofanya ni kuchukua tangazo lake la You deleted this message, akafuta maandishi kwa programu ya kuhariri picha, akaandika mengine juu yake. Tiki akazisahau.

Na jibu langu? Kisanduku chake kilikuwa kirefu kuliko maneno yaliyomo, juu pana nafasi tupu. Nukuu hukaa ndani ya kisanduku hicho hicho, juu ya jibu. Ukiifuta kwa rangi, maneno hupungua lakini kisanduku hakipungui.

Kwenye simu yangu nukuu ilikuwa hai. Yeye alifuta ujumbe wake, lakini nakala iliyomo ndani ya jibu langu haikufutika: "Ukikuta mchanga narudisha hela yote." Ukiibonyeza inakurudisha juu hadi kwenye tangazo la kufutwa, 10:31. Ndiyo maana tangazo lile nililolitupa lilikuwa nusu ya ushahidi wangu. Nukuu peke yake mtu anaweza kusema umeichora. Nukuu inayorudi mahali pake, saa zikafuatana, ni ngumu kuikana.

Nikaanza upya. Safari hii nilipiga skrinishoti kuanzia salamu hadi mwisho bila kukata juu wala chini, na kila picha inaanza na ujumbe wa mwisho wa picha iliyotangulia ili ionekane hakuna kilichorukwa. Kisha nikarekodi skrini yenyewe: nabonyeza nukuu inaruka, nabonyeza kidole gumba linatokea jina la aliyekiweka, nalo ni lake. Kidole hicho msikitegemee kwa zaidi ya hapo. Hakionyeshi saa, na mtu anaweza kukibadilisha au kukiondoa wiki nzima baadaye.

Nilijaribu pia kutoa mazungumzo kwa Export chat nikidhani ndiyo njia ya uhakika. Faili la maandishi lilikuja na saa zote na tangazo la kufutwa, lakini nukuu hazimo, kidole gumba kilichowekwa chini ya ujumbe hakimo, na neno Forwarded halimo. Jibu langu lilisomeka limening'inia tu chini ya ujumbe uliofutwa, nimeelewa nini haijulikani. Litunzeni kama nyongeza, na msiufute mchati wenyewe kwenye simu. Kubonyeza "delete for me" hakuachi tangazo lolote, pengo linazibika kimya, na hapo hata wewe hutaweza kueleza palikuwa na nini.

Kuhusu ile picha ya chanja, nisimwonee. Forwarded inasema tu kwamba picha ilipitishwa kutoka mchati mwingine. Huenda kijana wake ndiye aliyeipiga huko Kayenze akamtumia. Lakini mngemwomba apige nyingine papo hapo, gunia likiwa wazi na mkono ndani. Mimi sikumwomba. Skrinishoti anazoweka status za "wateja walioridhika" nazo zimekatwa juu ya picha kila mara, pale pale neno hilo linapokaa.

Msimamizi wa grupu alipoona video alimtoa, na siku ya pili nikarudishiwa 150,000. Zimebaki 330,000. Dagaa wenyewe niliwauza kwa mfugaji wa kuku kwa bei ya kutupa, naye kanilalamikia mchanga. Namba yake ya simu nimeiripoti 15040, kunakoripotiwa namba za matapeli. Kama na wewe ulinunua kwake mwezi huu, nitumie mchati wako mzima faraghani, pamoja na matangazo ya kufutwa, usisafishe chochote.