TAHADHARI: Jamaa wa mashine za kufulia za mtumba kaniuzia mota yangu mwenyewe

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira, na aibu ndiyo imezidi. Ile video niliyowatumia kwenye grupu mkapiga vigelegele, glasi ya maji imesimama juu ya mashine na haimwagiki hata tone, ndiyo video ya mimi nikitapeliwa. Nimejirekodi mwenyewe.

Yale ya kwa nini nilikuwa na haraka mnayajua, sirudii. Vyumba vitatu vya wageni, mashuka kila siku, na yule binti wa kufua keshaondoka.

Nilifika kwake saa kumi jioni. Ana kibanda kizuri, mashine zimepangwa, sakafu imepigwa deki. "Karibu dada'angu, kaa kwanza upumzike." Kiti, soda baridi, nikakaa. Akaniuliza nafua nini, nikamwambia mashuka na mataulo ya wageni. Akafikiri kidogo, kama mtu anayenichagulia kitu cha ndugu yake, kisha akapita mashine mbili za bei juu zaidi, akaniambia "hizi sikushauri, hazitakuvumilia." Hapo ndipo aliponimaliza. Mfanyabiashara gani anakukataza cha bei kubwa? Akanionyesha ya laki nne na nusu, ya mlango wa mbele, imetoka Ulaya, nyeupe haina hata mkwaruzo. Nikafungua mlango, ndani inanukia marashi. Nikasema moyoni huyu anatunza vitu vyake. Mjinga mimi! Mashine ya mtumba inanukia marashi ili iweje?

Akachomeka, akaweka kwenye kukamua. Dramu likaanza taratibu, likachanganya, likavuma mpaka huoni matundu. Akachukua glasi, akaijaza maji, akaitua juu. Maji yametulia kama yako kwenye bakuli la kunawia. "Unaona dada'angu? Hii ndiyo inaitwa mashine." Nikamuuliza, tena nakumbuka vizuri maana kidogo kilichobaki cha kujitetea ni hiki, "tusiijaribu na nguo?" Akasema maji ya bomba yamekatika tangu asubuhi. Na mimi nikakubali, huku naangalia glasi ya maji. Sakafu ilikuwa bado mbichi kwa deki.

Nikalipa. Sina risiti. Msiniulize.

Nyumbani, mara ya kwanza, mashuka manne. Maji yakaingia, dramu likageuka kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, nusu duara, likasimama, likajaribu tena. Kwenye kukamua ndiyo kabisa, linazunguka pole pole, nguo zinatoka zinachuruzika. Na harufu! Mwanzoni kama njiti ya kibiriti iliyowashwa sasa hivi, halafu ikaja nyingine nzito zaidi, kama tairi limesuguliwa. Nikazima, nikampigia. Akapokea mlio wa kwanza, msije mkasema tapeli hapokei simu. "Pole sana dada'angu, namtuma fundi wangu sasa hivi."

Fundi akaja na begi lake, akafungua mfuniko wa nyuma, akachomoa mota. Akaninusisha. Kweli inanuka. "Mota imeungua dada, hii haitengenezeki. Lakini kwa kuwa bosi kasema wewe ni mtu wake, mpya tutakupa kwa laki mbili na themanini." Nikapiga picha ile mota nikiwa na wazo la kuulizia bei Kariakoo. Sikwenda. Akaondoka nayo, siku ya pili akarudi na "mpya", inang'aa, haina ile stika ya pembeni. Akafunga, dramu likazunguka na nguo ndani, nikafurahi, nikatoa hela. Laki saba na thelathini jumla, kwa mashine niliyonunua laki nne na nusu.

Wiki haijaisha, harufu ya tairi ikarudi, tena kali kuliko ya kwanza. Nikampigia bosi. Amenibloku. Fundi naye simu haipatikani.

Ndipo shemeji akaniletea mzee mmoja wa Tandika, fundi wa mota za kila aina, grainda, drili, mashine za kufulia. Nikamsalimu, nikaanza kumweleza mota mpya sijui nini. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, chomoa kwanza plagi ukutani, maneno baadaye."

Akafungua mlango, akazungusha dramu kwa mkono. Akaniambia nijaribu na mimi. Likazunguka kirahisi kama gurudumu la baiskeli. Akasema kama mkanda umeshika sawasawa, unapozungusha dramu unaizungusha na mota, kwa hiyo unasikia uzito kidogo mkononi na mvumo kwa chini. Hapa uzito ulikuja mara moja moja tu, halafu unapotea. Akafungua nyuma. Ndani kote kuna vumbi jeusi kama masizi ya kibatari, limetapakaa kwenye ukuta wa mashine. Akapitisha kidole, akanipaka mkononi. "Huu ni mkanda wako. Umesagika."

Kwa asiyeelewa, maana mimi nilikuwa sielewi: kwenye mashine za aina hii mota iko chini, ina puli ndogo, na dramu lina puli kubwa kwa nyuma. Mkanda wa mpira ndio unaopeleka nguvu kutoka ndogo kwenda kubwa. Una mifereji midogo kwa ndani inayoshika puli. Wangu mifereji imelainika, inang'aa kama kandambili iliyokwisha, na ukiukunja unaona nyufa. Dramu likiwa tupu ni jepesi, mkanda mbovu unalivuta vizuri tu. Weka mashuka yaliyokunywa maji, puli ndogo inazunguka lakini mkanda unateleza juu yake, unasuguana, unapata moto, unanuka. Mnaielewa sasa ile glasi ya maji? Dramu tupu halitikisiki, glasi itamwagika kwa nini!

Nikamuuliza mzee, mbona mota mpya ilisaidia siku chache? Hakunijibu. Akaishusha mota, akafungua skrubu pembeni, akachomoa kijiti cheusi cha mraba chenye springi. Kaboni. Ziko mbili, moja kila upande, na springi inazisukuma ziguse silinda ya shaba inayozunguka katikati ya mota. Umeme unapita hapo. Zinalika kidogo kidogo kama chaki ubaoni. Zikiwa fupi springi haisukumi vizuri tena, mguso unarukaruka, cheche zinakuwa kubwa, ndiyo ile harufu ya kibiriti, na mota inakosa nguvu. Zangu zilikuwa ndefu, karibu sentimita tatu na nusu, mpya kabisa. Lakini ile silinda ya shaba ilikuwa na mfereji uliochimbika kwa miaka. Mzee akatoa kwenye kopo lake kaboni kuukuu ya mota nyingine, haifiki sentimita moja, akaziweka pamoja kiganjani. "Kaboni mpya, mota ya zamani. Ulikuwa na picha?"

Nilikuwa nayo. Soketi ya plastiki pembeni mwa mota imevunjika pembe ya kushoto. Kwenye picha, na pale mbele yangu. Mota ni ile ile! Wamebandua stika, wameiosha kwa petroli, wameweka kaboni za elfu kumi na tano na kunirudishia kwa laki mbili na themanini. Nilikaa chini pale pale sakafuni, jamani.

Na mzee anasema kwa kuibadilisha kaboni bila kugusa mkanda wameuua mkanda haraka zaidi. Mota ilipopata nguvu yake, mkanda uliochoka ukazidi kuteleza. Hivyo harufu ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Mkanda mpya nimenunua elfu ishirini na tano. Wa zamani umeandikwa 1195 J5, na mzee alinikataza kununua kwa kukisia: 1195 ni urefu kwa milimita, 5 ni idadi ya mifereji. Akauvisha kwanza kwenye puli ndogo, halafu akaupandisha kwenye kubwa huku anaizungusha kwa mkono, vidole mbali, akahakikisha umekaa katikati. Dakika kumi.

Huyu mtu ni wa kupelekwa polisi, tena na fundi wake. Ni wa kutangazwa sokoni kwa spika. Watu kama hawa zamani walitembezwa mtaa mzima wakipigiwa makopo. Anachukua hela ya mama mwenye vyumba vitatu anamwita dada'angu! Mungu anamwona, na mimi nitahakikisha mtaa nao unamwona. Jina siandiki hapa, shemeji kanikataza mpaka tumalize kisheria, lakini mnaomjua mnamjua, kibanda cha sakafu yenye deki.

Haya, mnaoniuliza inbox muangalie nini. Nendeni na taulo mbili nzito, lowesheni, mwambieni aweke na akamue mbele yenu. Maji yamekatika? Nendeni na ndoo. Marashi ndani, ondokeni. Mwambieni afungue nyuma mwone kama kuna vumbi jeusi, na muangalie skrubu za mfuniko kama zimechubuliwa juzi. Nuseni wakati inazunguka. Mzee anasema kaboni zikibadilishwa zinaweza kutoa harufu kidogo na cheche ndogo mafuo machache ya kwanza mpaka zikae umbo la silinda, hiyo isiwatishe. Ya tairi ndiyo mkanda. Ikiwa ni harufu ya rangi iliyoungua na haiishi hata mashine ikipoa, hapo kweli waya za ndani ya mota zimeungua na fundi hakudanganyi. Na blanketi moja likijikunja upande mmoja hata mashine isiyo na ubovu itakataa kukamua, msije mkanunua mkanda bure. Kuna mashine nyingine hazina mkanda wala kaboni, mota imekaa moja kwa moja nyuma ya dramu. Hizo haya hayazihusu.

Fundi akisema mota imeungua, mwambieni achomoe kaboni mbele yenu. Akikataa, mshike begi lake. Natania. Sitanii.

Jumatatu saa tatu asubuhi naenda serikali ya mtaa na shemeji, nimebeba mkanda wa zamani kwenye mfuko wa rambo na picha ya ile soketi nimeitoa kopi mbili. Aliyewahi kununua pale aje, hata kama ni kwa aibu kama mimi. Video ya glasi, mlio nayo huko naomba mniachie, msiifute, askari ataihitaji.